Sekunde moja kabla ya "Eee": namna ya kusikia msimamo wa mtu kwenye rekodi ya mahojiano

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Vijana wa utafiti wanazunguka vijijini na madodoso yao, wakirudi Dodoma mjini wananiachia rekodi, nami navaa hedifoni na kuandika kila neno lililosemwa. Kwenye bahasha hiyo hiyo huwa wananiletea na dodoso lenyewe, likiwa limeshatiwa vema kwenye visanduku vya "Ndiyo" na "Hapana". Basi mimi ni mtu ambaye kila siku anaona jibu lililoandikwa, kisha anasikia jibu lilivyotamkwa. Ni nafasi nzuri ya kugundua ni mara ngapi hayo mawili hayalingani.

Nitatumia kipande kimoja cha rekodi ya upande wa Hombolo, kwa mkulima wa zabibu. Mhoji ni binti wa miaka ishirini na kitu, mhojiwa ni mzee wa makamo ya babu yake. Wameshasalimiana, shikamoo na marahaba zimeisha, ng'ombe wameulizwa hali, mvua imelaumiwa. Tarakimu nilizoweka kwenye mabano ni urefu wa ukimya, kwa sekunde.

Binti: Mzee, msimu uliopita mliuza kilo ngapi?
Mzee: (0.3) Kama… (1.4) mia nane na… hamsini hivi.
Binti: Na mkalipwa zote?
Mzee: (0.4) Tulilipwa.
Binti: Kwa hiyo msimu ujao mtampelekea tena?
Mzee: (1.1) Eee… tutapeleka tu. Tutapeleka wapi pengine?
Binti: Sawa. Na mbolea, mnatumia samadi?

Kwenye dodoso binti aliandika: kilo 850, amelipwa, ataendelea kuuza kwa mnunuzi yule yule, ameridhika. Ukisoma maneno peke yake huwezi kumlaumu sana. Mzee hakutamka "hapana" hata mara moja.

Tuanze na kusita, kwa sababu ndiko watu wengi wanakokosea. Katika kipande hiki ukimya ulio mrefu kuliko wote ni ule wa sekunde 1.4, pale mzee alipokuwa akitafuta idadi ya kilo. Msikilizaji mgeni angesema hapo ndipo penye jambo. Hapana jambo hapo. Mzee alishaanza kujibu ndani ya theluthi ya sekunde, akasema "kama", halafu akakwama kwenye tarakimu. Ukimya unaokuja katikati ya jibu, mbele ya namba, jina la mtu au tarehe, kwa kawaida ni wa mtu anayetafuta kitu kumbukumbuni. Hata wewe ukiulizwa umelipa umeme kiasi gani mwezi uliopita utakwama hapo hapo, na hakuna atakayekuona una kinyongo na umeme.

Ukimya wa sekunde 1.1 kabla ya "Eee" ni wa aina nyingine kabisa, ingawa ni mfupi zaidi. Huo umekuja kabla ya jibu lenyewe, na swali lilikuwa rahisi. Halikuhitaji hesabu wala kumbukumbu. Lilikuwa la ndiyo au hapana, na aliyeuliza alikuwa ameshaonyesha jibu analolitarajia kwa kusema "kwa hiyo". Mtu anayekubaliana na swali la namna hiyo hujibu upesi mno.

Upesi kiasi gani? Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walitoa utafiti uliopima majibu ya maswali ya ndiyo na hapana katika lugha 10, zikiwemo Kijapani, Kidenmaki, Kiitaliano, Kilao na lugha moja ya Wahai'om wa Namibia. Wastani wa ukimya kati ya swali na jibu ulikuwa kama milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Lugha zilitofautiana kidogo, lakini jambo moja lilijirudia: majibu yanayokubaliana na mwelekeo wa swali yalikuja mapema kuliko yasiyokubaliana nao. Kiswahili hakikuwemo katika orodha ile, kwa hiyo siitumii ile 200 kama rula. Ninachokichukua ni ule mwelekeo, na huo nausikia kwenye rekodi zangu kila wiki.

Kama huna kompyuta ya kupimia, tamka "Kilimanjaro" kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbia. Silabi zake tano zinakupeleka karibu na sekunde moja. Silabi moja basi ni kama ule wastani wa milisekunde 200. Katika mazungumzo ya kawaida jibu linaanza kabla hujamaliza "Ki-li". Mzee wetu alikaa Kilimanjaro nzima na ziada kidogo, ndipo akasema "Eee". Gail Jefferson, Mmarekani aliyebuni alama za unukuzi tunazotumia wengi hadi leo, alikuwa ameshaonyesha katika mazungumzo ya Kiingereza kwamba ukimya ukikaribia sekunde moja wazungumzaji huanza kuuona kama tatizo, na mmoja wao hufanya jambo la kuuziba. Anayeuliza hurudia swali, au hulegeza: "au bado hamjaamua?" Binti wa rekodi yangu hakulegeza chochote. Alikuwa anaangalia karatasi.

Lakini sekunde 1.1 ni nyingi kwa nani? Hapo ndipo penye kazi hasa, na ndipo nilipowahi kujidanganya mwenyewe.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa na rekodi ya mama mmoja wa Kondoa, Mrangi, mkulima wa alizeti. Kila jibu lake lilitanguliwa na ukimya wa sekunde nzima. Una watoto wangapi? Sekunde moja, "Watano." Unalala hapa hapa? Sekunde moja, "Hapa hapa." Nikaandika pembeni ya unukuzi kwamba mhojiwa alikuwa na mashaka na mhoji muda wote. Mkubwa wangu wa kazi akasikiliza, akacheka, akaniambia nirudie kutoka mwanzo na nitafute jibu moja ambalo mama yule hakulichelewesha. Lilikuwepo. Aliulizwa kama mume wake ndiye anayeamua shamba lipandwe nini, naye akasema "Hapana!" kabla swali halijaisha vizuri. Kwa mama mwenye mwendo ule, upesi ndio uliokuwa ishara. Mashaka niliyoyaona mimi yalikuwa ni namna yake ya kuongea tu.

Tangu siku ile kila rekodi naipimia kwanza mwendo wa mwenyewe. Natafuta maswali matano au sita yasiyo na uzito, ambayo jibu lake mtu analo mdomoni: una umri gani, shamba liko upande gani, mnateka maji wapi. Napima ukimya unaotangulia kila jibu, napata kawaida yake. Salamu sizitumii, ingawa zinashawishi kwa sababu ndizo zinazoanza na huku kwetu ni ndefu. "Mbukwenyi" ya Kigogo inaitikiwa "Mbukwa" bila mtu kufikiri, na "habari za nyumbani" inapata "nzuri" hata kama nyumbani kuna msiba. Majibu ya salamu hutoka kwa mazoea, kwa hiyo yana kasi kuliko mtu mwenyewe. Ukiyafanya kipimo, kila jibu la baadaye litaonekana la kusita.

Mzee wa zabibu, kwa maswali ya kawaida, alikuwa anajibu kati ya sekunde 0.2 na 0.4. Hata lile la kilo aliliingia kwa 0.3. Kwa hiyo 1.1 kwake ni karibu mara tatu au nne ya kawaida yake, na hiyo sasa inaniruhusu kusimamisha rekodi na kurudi nyuma.

Nikirudi nyuma nakuta mkazo, na hapa inabidi kusema kidogo kuhusu Kiswahili chenyewe. Mkazo wa neno katika Kiswahili hauhamihami. Umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ambayo kuusogeza kunabadili maana ni ya kuhesabu. Mfano wanaoupenda walimu ni barabara, ambapo mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia ya magari, na mkazo kwenye "ra" ya kwanza ni sawasawa, bila kasoro. Kwa sababu hiyo anayetaka kulipa neno fulani uzito katika sentensi haponi kwa kubana sauti tu. Analihamisha neno ("hela zote hawajatoa"), au analitanguliza kwa "ni" na "ndiyo" ("ni yeye aliyepima"), au anairefusha ile silabi yenye mkazo: mbaaali, zamaaani, kuleee. Uzito wa Kiswahili unasikika, lakini mara nyingi pia unaonekana katika mpangilio wa maneno. Ni bahati kubwa kwetu wanukuzi.

Tazama sasa swali la binti: "Na mkalipwa zote?" Neno "zote" liko mwisho, ndiko uzito wa swali uliko. Kulipwa lilikuwa jambo linalojulikana. Alichouliza ni kama ni zote. Mzee akajibu "Tulilipwa." Amerudisha kitenzi, amekiacha kile kilichoulizwa. Na ametamka neno lile kwa kushusha sauti moja kwa moja, bila mvuto wowote, kama mtu anayefunga mlango taratibu. Angetaka kusema ndiyo angejibu "zote" au "zote kabisa". Angekuwa hana la kuficha na hana la kusema angetoa "eee" fupi. Kujibu swali kwa kuliruka neno lake lenye uzito ni jambo ambalo sikio linalisamehe, kwa sababu sentensi imekamilika kisarufi. Mimi mwenyewe nililisikia mara ya tatu nilipolirudia.

Kiimbo ndicho kigumu zaidi kukishika, kwa kuwa hakiandikiki. Katika Kiswahili kiimbo kinafanya kazi nzito: "Amekuja" na "Amekuja?" ni maneno yale yale, mpangilio ule ule. Katika kauli ya kawaida sauti inateremka kuelekea mwisho. Katika swali sauti nzima inakaa juu zaidi, na ile silabi yenye mkazo, "ku", inanyanyuka. Ndiyo maana swali linaweza kuja bila "je" na lisimpotee mtu. Na ndiyo maana umbo la swali likija na sauti ya kuteremka, msikilizaji anapaswa kujiuliza kama kweli anaulizwa.

"Tutapeleka wapi pengine?" ilikuja hivyo. Uzito uko kwenye "wapi", kisha sauti inaporomoka hadi mwisho. Mzee hakuwa anamtaka binti amtajie wanunuzi wengine wa zabibu. Ni kauli: hatuna pengine. Na ukiiweka karibu na "tu" ya "tutapeleka tu", picha inaanza kukaa. Hiyo "tu" ni neno la silabi moja linalofanya kazi ya sentensi nzima. "Nitakula" ni mpango. "Nitakula tu" ni mtu ambaye chakula chenyewe hakimvutii lakini njaa anayo. Wageni wanaojifunza Kiswahili hufundishwa kwamba maana yake ni "peke yake" au "bila zaidi", wakaishia hapo. Sisi tunaisikia kila siku ikibeba shingo upande, na bado dodoso halina kisanduku chake.

Nilitaka kujiridhisha kwamba sijipakii maana, nikaifungua rekodi kwenye Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, inayochora sauti ili uone kidatu kinavyopanda na kushuka. Kwa mwanaume tunaiwekea mipaka ya hezi 75 hadi 300, kwa mwanamke 100 hadi 500. Hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde. Mzee akisimulia habari za miche yake alikuwa anacheza kati ya 110 na 170. Kwenye "tutapeleka tu" mstari ulilala karibu na 100, hauna kilima wala bonde. Sauti iliyolala hivyo inaniambia kwamba hamasa haipo. Kwamba kuna uchungu, au uchovu, au koo limekauka kwa kuongea nusu saa, mstari hauwezi kuniambia. Kidatu kinaonyesha vizuri jinsi mtu alivyochangamka au alivyopoa. Aina ya hisia lazima uitafute kwenye maneno na mahali yaliposemwa. Sauti ya juu ya mtu aliyefurahi na ya aliyekasirika huchorwa karibu sawa. Tena programu hii nayo hukosea, hasa kwa wazee wenye sauti ya kukwaruza: ghafla mstari unaruka nusu au maradufu mahali ambapo sikio halisikii kitu. Ukiona mruko wa namna hiyo amini sikio.

Katika hatua hii nilikuwa na vitu vitatu vinavyoelekea upande mmoja: jibu lililochelewa kuliko kawaida ya mwenyewe, neno "zote" lililorukwa, na swali lisilo swali. Kimoja kikiwa peke yake ningekiacha kipite. Lakini hata vitatu havitoshi kuandika "hajaridhika", kwa sababu kuna mambo ya nje yanayotengeneza sauti hiyo hiyo. Ng'ombe akivuka uani, mtu hunyamaza. Mtendaji akisogea karibu na benchi, mtu hunyamaza na akirudi anaongea kwa uangalifu. Katika rekodi hii nilisikiliza nyuma ya sauti ya mzee kwa makini: kuku, mtoto wa mbali, hakuna hatua za mtu, hakuna salamu mpya.

Mahojiano ya simu yana mtego wake wenyewe. Sauti inachukua muda kusafiri. Shirika la kimataifa la mawasiliano, lile la ITU, linapendekeza ucheleweshaji wa njia moja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri, na kwenye simu za intaneti katika mtandao dhaifu unaweza kuzidi hapo mbali. Swali linachelewa kwenda, jibu linachelewa kurudi; unapata theluthi ya sekunde au zaidi ambayo hakuna binadamu aliyesita. Mwenzangu mmoja alikaribia kuandika kwamba wahojiwa wote wa wilaya moja "wanajibu kwa shaka". Ilikuwa ni minara. Alijua kwa sababu hata kwenye "haloo" ukimya ulikuwa ule ule.

Kuna na kosa la kinyume, ambalo vijana wanalipenda kwa sababu linawafanya wajione wapelelezi: mtu akisita wanaandika "anadanganya". Tafadhali. Bond na DePaulo walikusanya mwaka 2006 matokeo ya majaribio mengi ambamo watu waliwasikiliza au kuwatazama wengine na kuamua nani anasema uongo. Walipatia asilimia 54 kwa wastani. Ukirusha sarafu unapata 50. Kusita kunaonyesha kwamba jibu lilikuwa na uzito wa kulitoa. Uzito unaweza kuwa aibu, adabu mbele ya mgeni, kuogopa habari isimfikie mnunuzi, au kutojua kabisa.

Sasa lililobaki ni kusudi. Msimamo ni jinsi mtu anavyolichukulia jambo. Kusudi ni kile anachotaka kauli yake ikufanye wewe usikiaye. Mzee aliposema "tutapeleka wapi pengine?" alikuwa anamalizia tu jibu, au alikuwa anafungua mlango aulizwe zaidi? Kauli peke yake haiwezi kulijibu swali hilo, hata ukiisikiliza mara mia. Njia ya uhakika zaidi niijuayo ni kutazama zamu tatu. Ya kwanza msemaji anasema. Ya pili msikilizaji anajibu, na kwa jibu lake anaonyesha ameelewa nini. Ya tatu ni ya msemaji tena: hapo ndipo anapokubali alivyoeleweka au anapoanza kurekebisha. Mgeni akikuambia "huku kwenu jua kali", nawe ukasema "ndiyo, hasa mwezi wa kumi", naye akabaki anaangalia mtungi, umeshajua kwamba hakuwa anazungumzia hali ya hewa.

Binti aliipoteza zamu ya tatu. Alisema "Sawa" akarukia samadi. Mzee akajibu samadi kwa sekunde 0.3, vizuri tu. Lakini mtu ambaye kusudi lake halijapokelewa huwa analirudia baadaye kwa njia nyingine, na ndiyo maana sikatishi unukuzi kwenye kipande ninachokitaka. Dakika sita mbele, wakiwa kwenye maswali ya dawa za ukungu, mzee anaingiza hili:

Mzee: Mwanangu, si unaandika haya?
Binti: Naandika, mzee.
Mzee: (0.8) Haya. Yanakwenda wapi?
Binti: Yanakwenda kwa watafiti, wataandika ripoti. Jina lako halitokei.
Mzee: (0.2) Basi andika kwamba kilo mia mbili hatujalipwa mpaka leo.

Sikiliza ukimya ulivyofupika. Mbele ya "Haya" alikaa 0.8, bado anapima. Baada ya kuambiwa jina halitokei, 0.2, na sentensi inatoka nzima, haina "kama", haina "hivi", namba imetangulia kitenzi chake. Na ile "si unaandika?" ina umbo la swali linalotaka "ndiyo", lakini kazi yake ilikuwa kujua kama kuna mtu wa kumbebea neno lake. "Haya" nayo ni ya kuangaliwa. Neno hilo linaweza kukubali, kufukuza, kuonya, kufunga mazungumzo. Hapa sauti yake haikuteremka hadi chini; ilibaki ikining'inia, kama mtu aliyeweka mguu mmoja ndani. "Haya" ya kufunga mazungumzo inazama.

Kwa hiyo kusudi la mzee tangu mwanzo lilikuwa malalamiko yanayotafuta pa kutua, na ule ukimya wa 1.1 ulikuwa mahali pa kwanza pa kuyasikia. Angeulizwa pale pale, "mzee, naona kama kuna jambo?", inawezekana angesema. Inawezekana pia asingesema, kwa sababu alikuwa bado hajajua karatasi inakwenda wapi. Kwenye rekodi siwezi kuamua hilo.

Kwenye unukuzi niliandika ukimya wote kwa sekunde zake, nikaweka alama ya kushuka kwenye "pengine", na kwenye safu ya maelezo nikaandika maneno haya: "Ataendelea kuuza, anaeleza kuwa hana pengine. Kilo 200 kati ya 850 hazijalipwa, taz. dakika ya 31." Sikuandika "hajaridhika". Hilo nilimwachia mtafiti, ambaye dodoso alilibadilisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Alichoniomba ni kitu kimoja tu, kwamba nisiziandike tena "mm" zote kwa namna moja, kwa sababu "mhm" inayotiririka ni ndiyo, na "mm-mm" inayokatwa kooni katikati ni hapana, na katika nukuu zangu za zamani zote mbili zilikuwa zimeandikwa "mm". Nilirudi nikafungua faili za miezi minne.

Rekodi ya Hombolo inaishia kwa binti kusema "Asante sana, mzee wangu". Kuna ukimya wa 1.3. Kisha mzee anasema "Haya, mwanangu", na sauti haizami. Halafu rekoda inazimwa.